Jedwali Moja, Jumla Mbili: Namna ya Kuamua Ni Namba Ipi ya Kuamini Baada ya Kuskani

Faili lilikuwa moja na ukurasa ulikuwa mmoja. Lilikuwa jedwali la mapokezi ya korosho lililoandaliwa na chama kimoja cha msingi wilayani Tandahimba, likachapwa, likapigwa mhuri, kisha likaskaniwa steshenari na kutumwa Mtwara mjini kwa barua pepe. Programu ya kwanza niliyotumia kutoa namba, Tabula, ilinipa jumla ya uzito halisi ya kilo 38,390, na ya pili, Tesseract, ikanipa kilo 53,390. Tofauti ya tani 15 katika jedwali la mistari sita inatosha kumfanya mtu akunje mikono na kuamua kuandika kila kitu upya kwa kidole, na kwa mistari sita hilo lingekuwa jambo la busara. Msimu wa korosho, hata hivyo, huleta majedwali ya mistari mia nne, kwa hiyo nautumia mfano huu mdogo kueleza utaratibu ambao unafaa pia kwa majedwali makubwa. Namba nimezibadilisha ili chama kisitambulike, lakini makosa yenyewe ni ya aina zinazotokea kila mara.

Katika maelezo haya "safu" ni ile inayoshuka kutoka juu kwenda chini, na "mstari" ni ule unaokwenda kulia. Hivi ndivyo karatasi yenyewe ilivyosema:

| Na. | Magunia | Uzito ghafi (kg) | Uzito halisi (kg) |
|---|---|---|---|
| 1 | 84 | 6,804 | 6,720 |
| 2 | 112 | 9,072 | 8,960 |
| 3 | 90 | 7,281 | 7,191 |
| 4 | 105 | 8,463 | 8,358 |
| 5 | 61 | 4,918 | 4,857 |
| 6 | 98 | 7,902 | 7,804 |
| Jumla | 550 | 44,440 | 43,890 |

Uzito halisi hapa ni uzito ghafi ukiondoa kilo moja kwa kila gunia. Shikilia kanuni hiyo, kwa maana baadaye ndiyo itakayotoa hukumu.

Hatua ya kwanza: jua kila programu inasoma nini

Watu wengi hudhani kwamba programu mbili zilizopewa faili moja la PDF zinatazama kitu kimoja. Mara nyingi sivyo ilivyo. Faili la PDF lililotoka kwenye skana laweza kuwa na vitu viwili vilivyolaliana, yaani picha ya karatasi ambayo jicho linaiona, na tabaka la maandishi yasiyoonekana ambalo skana yenyewe ililiandika ilipojaribu kuisoma picha hiyo wakati wa kuskani. Tabaka hilo ndilo linalokuwezesha kuburuta kipanya juu ya picha na kunakili maneno.

Programu kama Tabula haisomi picha hata kidogo, kwa kuwa kazi yake ni kuchukua maandishi yaliyomo ndani ya faili na kuyapanga katika safu. Ukiipa picha tupu, haitakupa chochote. Kwa hiyo ikikupa namba kutoka katika karatasi iliyoskaniwa, ujue kwamba namba hizo zilisomwa tayari na skana ya steshenari siku ile, na kwamba Tabula imezibeba tu kama zilivyo. Tesseract kwa upande wake huitazama picha na kuisoma upya. Ukilinganisha matokeo ya programu hizi mbili, kwa kweli unailinganisha skana na Tesseract, wala Tabula haina neno katika ugomvi huo.

Kuhakikisha ni rahisi. Fungua faili katika kisomaji chochote cha PDF, ujaribu kuchagua namba kwa kipanya, kisha uinakili na kuibandika mahali pengine. Ikiwa unaona 8,358 kwenye picha lakini kinachobandikwa ni 3,358, basi tabaka la maandishi lipo na lina kosa. Anayetumia zana za Poppler anaweza kupata habari zaidi kwa amri hizi tatu:

```
pdffonts mapokezi.pdf
pdfimages -list mapokezi.pdf
pdftotext -layout mapokezi.pdf tabaka.txt
```

Amri ya kwanza ikirudisha orodha tupu, faili halina tabaka la maandishi ya kusomeka. Ikionyesha fonti iitwayo `GlyphLessFont`, tabaka hilo liliandikwa na Tesseract, na katika hali hiyo "programu mbili" zako huenda ni programu moja iliyosoma mara mbili kwa mipangilio tofauti. Amri ya pili inaorodhesha picha zilizomo. Tazama safu ya `x-ppi`, ambayo ni idadi ya nukta kwa inchi, na safu ya `enc`, ambayo inaeleza picha ilibanwa kwa njia gani. Safu hiyo ya mwisho nitairudia mwishoni, kwani ndimo unamojificha ubaya ambao hakuna programu itakayoutambua. Amri ya tatu inakupa usomaji wa skana kama ulivyo, kabla Tabula haijaupanga.

Hatua ya pili: pata usomaji wa pili ulio huru

```
pdftoppm -r 300 -gray -png mapokezi.pdf ukurasa
tesseract ukurasa-1.png soma --psm 6 tsv
```

Amri ya kwanza inageuza ukurasa kuwa picha ya kijivu yenye nukta 300 kwa inchi. Ikiwa `x-ppi` ilionyesha 150, kuandika 300 hakuongezi undani wowote kwa sababu nukta ambazo skana haikuzichukua hazizaliwi baadaye, ingawa herufi kubwa zaidi humsaidia Tesseract kidogo. Dawa halisi ni kuomba karatasi iskaniwe upya. Kipengele cha `--psm 6` kinamwambia Tesseract achukulie ukurasa wote kuwa fungu moja la maandishi, jambo linalozuia safu zisisomwe kila moja kivyake na mistari ikavunjika. Faili la `soma.tsv` litakuwa na kila neno, mahali lilipo kwenye picha, na safu ya `conf`, yaani kiwango cha uhakika ambacho Tesseract amejipa mwenyewe.

Hatua ya tatu: linganisha yakiwa bado maandishi

Hapa ndipo kosa la mtumiaji huchanganyika na kosa la programu, kwa hiyo hatua hii inahitaji nidhamu. Unapoingiza matokeo katika Excel au Calc, weka safu zote katika hali ya maandishi, yaani `Text`, na usiruhusu programu izigeuze kuwa namba. Tesseract akisoma alama ya mkato kama nukta, 6,720 itakuwa 6.720, na lahajedwali litaifanya kuwa kilo sita na kitu bila kukuuliza. Vilevile seli yenye herufi au nafasi iliyojificha hubaki kuwa maandishi, na `SUM` huiruka kimyakimya. Nimewahi kutafuta kilo elfu nane zilizopotea kwa nusu siku, na hatimaye nikagundua kwamba zote mbili, Tabula na Tesseract, zilikuwa zimesoma sawasawa ila seli moja ilikuwa imeegemea kushoto.

Kabla ya namba yoyote, hesabu mistari. Ikiwa upande mmoja una mistari sita na mwingine saba, ulinganisho wa seli kwa seli utatoa makosa mengi ya uongo, na kwa kawaida mstari wa ziada ni ule wa "Jumla" ulioingia katikati ya data. Jumla iliyo mara mbili kamili ya ile uliyoitarajia ni dalili ya jambo hilohilo. Mistari ikishalingana, weka usomaji wa skana katika safu ya A, wa Tesseract katika safu ya B, kisha andika:

```
=EXACT(TRIM(A2),TRIM(B2))
```

Kila penye `FALSE` pana ugomvi. Katika jedwali letu, safu ya uzito halisi ilitoa ugomvi mara mbili tu. Mstari wa 4 skana ilisoma 3,358 na Tesseract 8,358, na mstari wa 5 skana ilisoma 4,857 na Tesseract 14,857.

Hatua ya nne: isome tofauti yenyewe

Toa namba ndogo katika kubwa na utazame kinachobaki. Mashine inaposoma tarakimu moja vibaya, tofauti huwa ni tarakimu moja ikifuatwa na sifuri. Mstari wa 4 unatoa 5,000, maana yake ni kwamba tarakimu ya maelfu imepishana kwa tano. Jozi zinazopishana kwa tano na zinazofanana sura ni 3 na 8, na pia 4 na 9. Ukiona sita, fikiria 1 na 7, na ukiona mbili, fikiria 6 na 8. Mwanadamu anayenakili kwa mkono hukosea kwa namna nyingine. Yeye hubadilisha nafasi za tarakimu mbili zilizo jirani, akaandika 8,538 badala ya 8,358, na tofauti ya kosa la namna hiyo hugawanyika kwa tisa daima. Kwa hiyo hesabu ya jedwali ikipishana kwa 180, shuku aliyechapa karatasi kabla ya kushuku programu.

Mstari wa 5 unatoa 10,000 kamili, na namba kubwa ina tarakimu moja zaidi mbele. Hiyo ni alama ya mstari wa wima wa jedwali uliosomwa kuwa 1. Tesseract hujaribu kuiondoa mistari ya jedwali kabla ya kusoma, lakini karatasi ikiwa imeinama kidogo kwenye skana, au wino wa mstari ukiwa umekatikakatika, kipande kinabaki na kusimama wima kando ya namba. Katika karatasi yetu namba ya mstari wa 5 ilichapwa ikiwa imeubana mstari wa kushoto.

Inafaa kueleza kwa nini skana ilikosea 8 ya mstari wa 4 ilhali Tesseract aliipata, kwa sababu chanzo chake ndicho chanzo cha tofauti nyingi. Kabla ya kusoma, programu hizi huigeuza picha ya kijivu kuwa nyeusi na nyeupe tu. Kila moja huchagua mpaka wake, yaani weusi wa kiasi gani uhesabiwe kuwa wino na wa kiasi gani uhesabiwe kuwa karatasi. Pale ambapo upande wa kushoto wa 8 umefifia, programu yenye mpaka mkali huufuta upande huo, na kinachobaki ni 3 safi kabisa. Programu yenye mpaka mpole huuacha, ingawa mpaka huohuo mpole ndio unaoacha pia vipande vya mistari ya jedwali na kuvigeuza kuwa 1. Kwa sababu hiyo programu moja inaweza kushinda katika mstari wa 4 na kushindwa katika mstari wa 5 wa ukurasa uleule, na swali la "ipi ni bora" likiulizwa kwa ukurasa mzima halina jibu. Linaulizwa kwa kila seli.

Hatua ya tano: pitisha hesabu ya jedwali juu ya kila mstari, hata ile iliyokubaliana

Tukichukua 8,358 kwa mstari wa 4 na 4,857 kwa mstari wa 5, ugomvi wote umekwisha, na mtu mwenye haraka angefunga kazi. Jumla inayopatikana ni 43,390. Karatasi inasema 43,890, na programu zote mbili ziliisoma jumla hiyo vivyo hivyo. Zimebaki kilo 500 ambazo hakuna `FALSE` yoyote iliyozionyesha. Kwa bei ya shilingi 2,500 kwa kilo, hizo ni shilingi 1,250,000 za wakulima.

Andika sasa kanuni ya jedwali. Ikiwa magunia yako katika safu ya C, ghafi katika D na halisi katika E, na namba zimeshageuzwa kuwa namba kweli, basi:

```
=D2-C2-E2
```

Jibu linapaswa kuwa sifuri kila mstari. Mstari wa 6 unatoa 500, kwa kuwa 7,902 ukiondoa 98 ni 7,804, ilhali programu zote mbili zilisoma 7,304. Hilo peke yake halijathibitisha kuwa kosa liko katika uzito halisi, maana huenda ghafi au magunia ndiyo yaliyosomwa vibaya. Ndipo jumla za safu zinapoingia. Safu ya magunia inajumlika 550 kama ilivyochapwa, ghafi inajumlika 44,440 kama ilivyochapwa, na halisi ndiyo pekee inayopungua, tena kwa 500 zilezile. Mstari wa 6 na safu ya uzito halisi zinakutana katika seli moja tu, na tofauti ya tano katika nafasi ya mamia ni 8 iliyosomwa kuwa 3.

Programu mbili zilikubaliana kwa sababu zilitazama picha moja. Karatasi ilikunjwa mahali hapo, na mkunjo uliutoa wino wa upande wa kushoto wa 8 kiasi kwamba hata mpaka mpole haukuokoa kitu. Zilikuwa kama mashahidi wawili waliosimuliwa habari na mtu mmoja, na kuongeza shahidi wa tatu kutoka chanzo hichohicho kusingebadilisha ushahidi. Wala safu ya `conf` haikusaidia. Tesseract alijipa uhakika wa juu juu ya 7,304, kwa kuwa kipimo hicho kinaeleza umbo alilolitazama linafanana na 3 kwa kiasi gani, na umbo lile lilifanana na 3 kweli. Mimi huitumia `conf` kuamua nianzie wapi kukagua, lakini sijawahi kuitumia kuamua niishie wapi.

Kipimo cha akili ya kawaida, nacho, kina mipaka yake. Ukigawa uzito halisi kwa magunia, unatarajia kilo themanini hivi kwa gunia la korosho. Mstari wa 4 kwa usomaji wa skana unatoa kilo 32 kwa gunia, na mstari wa 5 kwa usomaji wa Tesseract unatoa kilo 244, na karani yeyote wa ghala atacheka. Lakini 7,304 kwa magunia 98 ni kilo 74.5, na hakuna atakayeshtuka, hasa mwanzoni mwa msimu ambapo magunia hujazwa kwa namna mbalimbali.

Hatua ya sita: rudi kwenye picha, kisha kwenye karatasi

Seli ambayo hesabu imeitilia shaka itazame kwenye picha ikiwa imekuzwa mara nne au zaidi. Usijiulize "hii ni 3 au 8?", kwa sababu ukishajua jibu linalotakiwa na hesabu, jicho litakuletea jibu hilo. Tafuta 8 nyingine isiyo na shaka katika ukurasa huohuo, iliyochapwa na mashine ileile, na uziweke kando kwa kando. Katika mstari wa 6 mkia mdogo wa upande wa kushoto, kati ya kiuno cha tarakimu na ncha yake ya chini, ulikuwa umebaki kwa upana wa pikseli mbili au tatu. Tarakimu ya 3 haina wino mahali hapo.

Kuna hali moja ambayo picha yenyewe haiaminiki. Mwaka 2013 mtaalamu wa kompyuta wa Ujerumani, David Kriesel, alionyesha kwamba baadhi ya mashine za Xerox za kuskani na kunakili zilikuwa zikibadilisha tarakimu katika picha, 6 ikigeuka 8, bila doa wala ukungu wowote. Sababu yake ilikuwa ubanaji wa JBIG2, ambao huokoa nafasi kwa kuhifadhi umbo moja na kulitumia tena kila mahali panapofanana nalo. Mashine ikizihesabu 6 na 8 kuwa umbo moja, inabandika moja mahali pa nyingine, na kila programu itaisoma kwa uhakika kamili kwa kuwa tarakimu iliyoko pale ni safi. Ndiyo maana nilisema uitazame safu ya `enc` ya `pdfimages`. Ikiandika `jbig2`, faili si lazima liwe bovu, kwani ubanaji huo una namna isiyopoteza kitu pia, lakini namba yoyote inayogombana na hesabu haiwezi kuamuliwa kwa picha. Piga simu ghalani na uombe mtu afungue jalada asome karatasi yenyewe, au aipige picha kwa simu.

Hutokea pia kwamba karatasi yenyewe imekosea. Karani alijumlisha vibaya, au alisahihisha uzito baada ya gari kupimwa upya na hakubadilisha jumla. Ukishaona kwa macho kwamba kilichoandikwa ndicho kilichosomwa, kiache kama kilivyo, na uandike katika safu ya maelezo kwamba mstari haujumliki na kwa kiasi gani. Kulirekebisha kwa niaba ya chama ni kutengeneza jedwali jipya ambalo hakuna aliyelisaini.

Safu zisizo na hesabu ndizo zinazobaki kuwa ngumu. Namba ya stakabadhi ya ghala, namba ya gari na tarehe hazijumlishwi na chochote, kwa hiyo hatua ya tano haizigusi. Kwa safu hizo, penye ugomvi wa programu namwita mwenzangu anisomee kutoka kwenye picha huku mimi nikiandika bila kuona usomaji wa mashine. Penye makubaliano nachagua mstari mmoja katika kila kumi na kuukagua kwa macho. Nikikuta kosa hata moja katika hiyo niliyoichagua, safu nzima inasomwa upya na watu wawili, hata kama ni mistari mia nne.